Barua ya wazi kwa magavana wa benki kuu na mawaziri wa fedha: akiba mnayotutangazia na akiba mliyo nayo

Waheshimiwa Magavana na Waheshimiwa Mawaziri,

Sarafu inapoanza kuporomoka, tangazo linalotoka katika ofisi zenu huwa karibu lile lile katika kila nchi: akiba ya fedha za kigeni inatosha kuagiza bidhaa kwa miezi kadhaa, Benki Kuu iko sokoni, na wananchi wasiwe na hofu. Siandiki kubishana na haki yenu ya kuingia sokoni, maana zipo siku ambazo Benki Kuu isiyoingia sokoni inakuwa imeukimbia wajibu wake. Ninachowaomba mkibadilishe ni namna mnavyoihesabu akiba hiyo wakati mnapoitumia. Tarakimu mnayotusomea na fedha ambayo mnaweza kweli kuitoa kesho asubuhi vinaweza kuachana sana, na tofauti hiyo imekwisha kuziangusha benki kuu ambazo hazikukosa wataalamu wala vitabu vilivyopangwa vizuri.

Naanza na kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu wasomaji wengine wa barua hii hawajapata kuiona. Akiba si rundo la noti katika chumba cha chini ya ardhi. Sehemu kubwa ni amana zilizowekwa katika benki za nje na dhamana za serikali za nchi zenye sarafu kubwa, pamoja na dhahabu kiasi na haki zilizopo katika Shirika la Fedha la Kimataifa. Benki Kuu inapoamua kuilinda sarafu yake, maofisa wake huzipigia simu benki za biashara, au hutuma ujumbe kwenye mitambo ya biashara, wakiuza dola kwa bei fulani. Biashara ikishakubaliwa, malipo hukamilika kwa kawaida baada ya siku mbili za kazi. Siku hiyo dola hutoka katika akaunti ya Benki Kuu iliyoko nje na kuingia katika akaunti ya nje ya benki iliyonunua, na kwa upande wa pili sarafu ya nyumbani hukatwa katika akaunti ambayo benki hiyo imeiweka Benki Kuu.

Huo upande wa pili ndio unaosahauliwa. Sarafu ya nyumbani iliyokatwa haihamii kwa mtu mwingine. Inafutika katika vitabu, na benki zote kwa pamoja zinabaki na ukwasi, yaani fedha taslimu za kulipia mara moja, mdogo kuliko jana. Benki zikiwa na uhaba huo zinaanza kukopeshana kwa bei ya juu, riba ya usiku mmoja inapanda, na mtu aliyekuwa akikopa sarafu ya nyumbani ili anunue dola anakuta mkopo wake umekuwa ghali. Kwa hiyo uuzaji wa dola una nguvu mbili. Ya kwanza ni dola zenyewe, ambazo zina mwisho. Ya pili ni uhaba wa sarafu ya nyumbani unaoachwa nyuma, na huu hudumu kwa muda wote ambao Benki Kuu itauvumilia.

Tatizo ni kwamba mara nyingi haiuvumilii. Riba ikipanda, wenye mikopo ya nyumba na viwanda wanalalamika, benki dhaifu zinayumba, na Wizara ya Fedha inaona gharama ya kukopa kwake ikiongezeka. Basi Benki Kuu inaurudisha ule ukwasi kwa kununua dhamana za serikali au kwa kuzikopesha benki. Wachumi huona kitendo hicho ni cha kawaida, na katika siku za utulivu ni cha kawaida kweli. Katika siku za mashambulizi, walanguzi wanapoiuza sarafu kwa wingi wakitarajia ianguke, kinamaanisha kwamba dola zimetoka, sarafu ya nyumbani imerudi mikononi mwa benki zile zile, na anayetaka kununua dola nyingine kesho anazo fedha za kununulia.

Naomba mnivumilie nifanye hesabu moja, kwa sababu bila hesabu hiyo mambo yaliyotokea Thailand mwaka 1997 yanaonekana kama mkosi. Sarafu ya nchi hiyo, baht, ilikuwa imefungwa kwenye kapu la sarafu ambamo dola ilikuwa na uzito mkubwa kuliko zote, na kwa miaka mingi bei yake ilizunguka baht 25 kwa dola moja. Chukueni mlanguzi anayekopa baht milioni 2,500 kwa mwezi mmoja na kuzibadilisha kuwa dola milioni 100. Riba ikiwa asilimia 12 kwa mwaka, mwezi huo mmoja unamgharimu asilimia 1, yaani baht milioni 25, au dola milioni 1. Bei isipobadilika, amepoteza hiyo dola milioni 1, na kwa kurahisisha siihesabu riba ndogo ambayo dola zake zimempatia. Bei ikiachiwa na kufika baht 30, anadaiwa baht milioni 2,525, ambazo sasa anazinunua kwa dola milioni 84 na ushee, na karibu dola milioni 16 zinabaki kwake. Anayeweza kushinda 16 kwa kuhatarisha 1 hahitaji kuamini kwamba sarafu itaanguka. Inamtosha kuamini kwamba upo uwezekano wa asilimia 6 au 7 wa kuanguka mwezi huo, na akikosa atarudia mwezi ujao.

Sasa pandisheni riba hadi asilimia 60 kwa mwaka. Mwezi mmoja unamgharimu dola milioni 5, na akishinda anabaki na dola milioni 12.5. Hapo lazima aamini kwamba uwezekano wa sarafu kuanguka unazidi robo, na walanguzi wengi wataondoka. Akiba ya dola haijaguswa katika mfano huu. Kilichobadilika ni bei ya kukopa sarafu ya nyumbani. Ndiyo maana nasema akiba peke yake ni silaha dhaifu. Mlanguzi anayekopa kwa bei nafuu haogopi wingi wa dola zenu, kwa sababu anajua kwamba kila dola mnayomuuzia kwa bei ya zamani ni faida yake siku bei mpya itakapofika.

Thailand haikuweza kupandisha riba na kuiacha juu. Nakisi ya urari wa malipo ya kawaida, yaani pengo kati ya mapato ya nchi kutoka nje na malipo yake kwa nje, ilikuwa karibu asilimia 8 ya pato la taifa katika mwaka 1995 na 1996, nayo ilizibwa na mikopo ya nje, mingi ikiwa ya muda mfupi na iliyokopwa kwa dola na kampuni na taasisi za fedha ambazo mapato yake yalikuwa ya baht. Kampuni za fedha zilikuwa zimekopesha sana kwenye majengo na viwanja, na bei ya majengo ilikuwa imeanza kushuka. Riba kali ingezimaliza. Mfuko wa kuziokoa taasisi za fedha, uliokuwa chini ya Benki Kuu yenyewe, ulikuwa ukizikopesha baht kwa wingi ili wenye amana walipwe. Mkono mmoja wa Benki Kuu ulikuwa ukikusanya baht sokoni kwa kuuza dola, na mkono wa pili ukizirudisha baht hizo katika mfumo ule ule, na nyingine zilikwenda moja kwa moja kununua dola.

Katika hali hiyo Benki Kuu ya Thailand ilichagua njia ambayo ndiyo sababu ya barua yangu. Iliuza dola papo kwa papo kuilinda bei, kisha ikafunga mikataba ya kubadilishana sarafu: ilinunua dola leo kwa baht, na katika mkataba huo huo ikaahidi kuzirudisha dola hizo baada ya muda uliotajwa, mwezi mmoja, miezi mitatu, pengine zaidi, kwa bei iliyokubaliwa siku hiyo. Zitazameni hatua mbili hizo kwa pamoja. Hatua ya kwanza inatoa dola na kukausha baht. Hatua ya pili inarudisha dola na kurudisha baht. Jioni, akiba inayoandikwa katika taarifa ya wiki haijapungua na riba haijapanda, na bei ya sarafu imesimama pale pale. Kilichobadilika kimeandikwa nje ya mizania, yaani nje ya hesabu kuu ya mali na madeni: ahadi ya kukabidhi dola siku fulani ijayo. Ni kama mfugaji aliyekwisha kumuuza ng'ombe kwa ahadi ya kumkabidhi mwisho wa mwezi, naye kila asubuhi anaendelea kumhesabu zizini.

Mwishoni mwa mwaka 1996 akiba ya Thailand ilikuwa zaidi ya dola bilioni 38. Sarafu ilishambuliwa kuelekea mwisho wa mwaka huo, ikashambuliwa tena Februari 1997, na kwa nguvu kubwa kuliko zote katikati ya Mei. Tarehe 15 Mei benki za nchini ziliagizwa kutowakopesha baht wageni, soko likagawanyika kuwa la ndani na la nje, na walanguzi waliokuwa wamekopa baht nje walipata hasara kubwa. Kwa macho ya wengi Benki Kuu ilikuwa imeshinda. Mwishoni mwa Juni akiba iliyotangazwa ilikuwa bado dola bilioni 32 na ushee, kupungua ambako hakukuonekana kuwa kwa kutisha baada ya miezi kadhaa ya mapambano. Lakini tume ya uchunguzi iliyoongozwa na gavana wa zamani, Nukul Prachuabmoh, iliyachambua mambo hayo baadaye, na baada ya kuziondoa dola zilizokwisha kuahidiwa katika mikataba ya mbele, yaani ile ya kukabidhi dola siku ijayo kwa bei iliyokubaliwa leo, akiba halisi ilikuwa takriban dola bilioni 2.8.

Tarehe 30 Juni Waziri Mkuu Chavalit Yongchaiyudh aliwatangazia wananchi kwamba sarafu haitashushwa thamani. Tarehe 2 Julai iliachiwa. Simtaji ili kumcheka. Hakuna kiongozi anayeweza kutangaza mapema kwamba kesho kutwa sarafu itashuka, maana soko lingefunguka na kufungwa saa hiyo hiyo. Namtaja kwa sababu tarakimu iliyokuwa hadharani bado iliweza kuyabeba maneno yake. Mtu aliyesoma dola bilioni 32 angeweza kumwamini, ilhali mtu aliyejua habari ya bilioni 2.8 alikuwa ameshauliza swali tofauti kabisa, yaani ni siku ngapi zimebaki.

Na walikuwepo waliojua, au waliokaribia kujua, kwa sababu kila mkataba una upande wa pili. Benki ya kigeni inayofunga mkataba wa kubadilishana sarafu na Benki Kuu inajua kiasi chake yenyewe, na wafanyabiashara wa chumba kimoja huzungumza na wa chumba kingine. Sisi tuliowahi kukaa katika vyumba vya kununua na kuuza fedha za kigeni tunajua kwamba mnunuzi mkubwa anayejirudia hawezi kujificha kwa muda mrefu. Kwa hiyo siri hiyo haikuwaficha walanguzi kitu kikubwa. Waliofichwa ni wenye amana, wenye viwanda waliokuwa na madeni ya dola bila kinga dhidi ya kushuka kwa baht, wabunge, na ndani ya serikali yenyewe watu wengi ambao walipaswa kuuliza. Mwenye kiwanda ambaye angeijua akiba halisi mwezi Machi angekuwa na nafasi ya kulipunguza deni lake la dola wakati dola ilikuwa bado baht 25. Mwezi Januari mwaka uliofuata dola moja ilivuka baht 50.

Ahadi hizo hazikufa sarafu ilipoachiwa. Mwezi Agosti 1997, mpango wa mkopo ulioandaliwa na Shirika la Fedha la Kimataifa ulipokuwa ukikamilishwa, Benki Kuu ilitangaza kwamba ahadi zake za kukabidhi dola zilikuwa dola bilioni 23.4. Kila baht moja ambayo sarafu ilishuka chini ya bei ya mkataba ilikuwa hasara ya baht bilioni 23.4 juu ya ahadi hizo, kwa kuwa Benki Kuu ilikuwa ikikabidhi dola na kulipwa baht kwa bei ya zamani. Hasara ya aina hiyo huishia kwa mlipakodi, ijapokuwa haipiti katika bajeti yoyote iliyojadiliwa bungeni. Waheshimiwa Mawaziri, hapo ndipo jambo hili linapowahusu ninyi pia, kwa sababu mikataba hiyo hufungwa na Benki Kuu iliyo huru lakini hasara yake hailipwi na Benki Kuu peke yake.

Nirudi kwenye kile kipimo cha miezi ya kuagiza bidhaa, maana nacho kimechangia kutupotosha. Kipimo hicho kinajibu swali la nchi ambayo mauzo yake ya nje yamekatika ghafla na inataka kujua itaendelea kununua mafuta na dawa mpaka lini. Ni swali halali, lakini mwagizaji wa bidhaa si yeye anayekimbia siku ya mashambulizi. Anayekimbia ni mkopeshaji wa nje ambaye mkopo wake unaiva mwezi huu na hataki kuuendeleza, ni kampuni ya nyumbani yenye deni la dola ambayo inakimbilia kununua kinga, na ni mwenye amana benki anayeihamisha akiba yake kwenye dola. Kwa hao, kipimo kinachofaa ni akiba halisi ikilinganishwa na madeni yote ya nje yanayoiva ndani ya mwaka mmoja. Thailand mwishoni mwa mwaka 1996 ilikuwa vizuri kwa kipimo cha uagizaji. Kwa kipimo cha madeni ya muda mfupi ilikuwa imeshapungukiwa, kabla hata ya kuuza dola ya kwanza ya mwaka uliofuata.

Upo uharibifu mwingine ambao hauonekani katika hesabu za akiba, na kwa masoko madogo nadhani ndio mkubwa zaidi. Benki Kuu inapoilinda bei ambayo wafanyabiashara hawaiamini, inabadilisha tabia za watu ambao si walanguzi kabisa. Muuzaji wa bidhaa nje aliyepokea dola haziuzi; anaziacha katika akaunti yake ya fedha za kigeni na kukopa sarafu ya nyumbani kulipa mishahara, kwa kuwa anaona mwezi ujao atapata zaidi. Mwagizaji aliyezoea kununua dola wiki ya malipo anazinunua miezi miwili mapema. Tawi la kampuni ya kigeni linaharakisha kupeleka faida makao makuu. Hakuna kati yao aliyevunja sheria, na kila mmoja anafanya jambo la busara kwa upande wake, lakini meza ya Benki Kuu inaona wauzaji wametoweka na wanunuzi wamejaa, nayo inasoma hali hiyo kuwa uhaba wa dola nchini. Dola zipo, zimelala katika akaunti za benki za mtaani zikingoja bei. Sehemu ya mahitaji mnayoyazima kwa akiba ni mahitaji ambayo ulinzi wenu wenyewe umeyazaa, na kadiri mnavyouza ndivyo wengine wanavyozidi kuona kwamba siku inakaribia.

Dalili za hali hiyo zinaweza kusomwa mapema na mtu yeyote mwenye takwimu za kawaida. Amana za fedha za kigeni katika benki za nchini huongezeka wakati huo huo Benki Kuu ikiuza dola. Uuzaji wa Benki Kuu huwa wa upande mmoja kwa wiki nyingi mfululizo, nayo hainunui hata siku ambazo soko limetulia. Bei ya mikataba ya mbele hupanda kuliko tofauti ya riba inavyoeleza. Na akiba iliyotangazwa inabaki palepale ilhali nakisi ya nje ipo, mikopo mipya imekauka na Benki Kuu inajulikana kuwa iko sokoni. Hapo mtu mwangalifu anapaswa kuuliza dola zilizotumika zimetoka wapi.

Nisieleweke vibaya kwamba kuingia sokoni hakufai. Kunafaa sana pale ambapo bei imeharibika kwa sababu ya soko na si kwa sababu ya uchumi. Ziko saa ambazo benki zinaacha kutajiana bei, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza linapanuka mara kadhaa, na muamala mmoja mdogo unaisukuma sarafu asilimia mbili. Katika saa kama hiyo Benki Kuu inayouza kiasi cha wastani kwa bei iliyo karibu na soko inawarudisha watu mezani, na mara nyingi inaweza kuzinunua tena dola zake baada ya wiki chache kwa bei nafuu zaidi. Kipimo changu cha uingiliaji mzuri ni hicho hicho: je, Benki Kuu hiyo hununua pia? Inayouza tu mwaka mzima haitulizi soko. Inagharamia bei.

Inafaa pia kutofautisha anayezuia sarafu isishuke na anayezuia isipande, kwa sababu mara nyingine mnatutolea mfano wa Uswisi. Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza Septemba 2011 kwamba haitakubali yuro moja ishuke chini ya faranga 1.20, na ikaweza kuishikilia bei hiyo kwa zaidi ya miaka mitatu. Iliweza kwa sababu ilikuwa ikiuza faranga, kitu ambacho inakitengeneza yenyewe, na kila ilipoziuza akiba yake iliongezeka. Hata hivyo, Januari 2015 iliacha, kwa kuwa mizania yake ilikuwa imevimba na ununuzi uliohitajika ulikuwa ukizidi kukua. Anayelinda sarafu inayoshuka anauza kitu asichoweza kukitengeneza, na ushupavu wa Uswisi haumsaidii.

Karibu zaidi na hoja yangu ni Brazili. Mwezi Agosti 2013, sarafu za nchi nyingi zilipokuwa zikishuka, Benki Kuu ya Brazili ilitangaza ratiba: kinga za thamani ya dola milioni 500 kila siku kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kwa mikataba ya mbele, na siku ya Ijumaa mnada wa dola bilioni 1. Mikataba ile ya kinga ililipwa kwa reali. Mtu aliyenunua kinga alilipwa tofauti ya bei kwa sarafu ya Brazili, hakukabidhiwa dola, na kwa hiyo akiba haikuahidiwa kwa mtu. Kiasi kilijulikana, siku ilijulikana, na kampuni zilizokuwa na madeni ya dola zilipata kinga bila kukimbilia soko la papo kwa papo. Njia hiyo nayo ina mpaka wake: sarafu iliendelea kushuka katika miaka iliyofuata na mikataba ile ikaleta hasara kubwa kwa fedha za umma, na zaidi ya hapo, njia hiyo inafanya kazi pale tu ambapo mwenye reali anaamini kwamba akitaka dola zenyewe atazipata. Lakini hasara ilionekana kila mwezi na ilijadiliwa ilipokuwa ikitokea.

Najua jibu ambalo litatoka katika ofisi zenu, kwa sababu nimelisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu: kutangaza akiba halisi wakati wa mashambulizi ni kumwonyesha adui risasi zilizobaki. Jibu hilo lina uzito kwa benki kuu ambayo imeshafika pabaya. Thailand ya Juni 1997 isingeweza kusema bilioni 2.8 na kuendelea kuilinda sarafu hata kwa siku moja. Lakini hiyo ni hoja ya kutangaza mapema, kabla ahadi hazijarundikana. Benki Kuu inayojua kwamba kila mkataba wa mbele utaonekana mwisho wa mwezi itaufunga mkataba wa kumi kwa kusita ambako haikuwa nako kwa mkataba wa kwanza, na itamwita Waziri mapema kumweleza kwamba dola zinakwisha na kwamba uamuzi uliobaki ni wa riba, wa bajeti au wa bei yenyewe. Kuficha kunamwondolea gavana kusita huko, na kunamwondolea Waziri taarifa ambayo ingemlazimisha kuamua.

Wala siombi kitu kipya. Baada ya misukosuko ya miaka hiyo, Shirika la Fedha la Kimataifa liliandaa fomu maalumu ya kutangazia akiba, ambayo pamoja na mali za nje ina sehemu ya dola zinazojulikana kuwa zitatoka ndani ya mwaka mmoja, mikataba ya mbele na ya kubadilishana sarafu ikiwemo, na sehemu nyingine ya zile zinazoweza kutoka kwa masharti. Nchi nyingi huijaza. Shida ni kwamba tarakimu inayofika kwenye hotuba ya bajeti, kwenye magazeti na kwenye taarifa ya habari ni ile ya mstari wa kwanza wa fomu hiyo, na mistari ya chini hubaki kwa wachache wanaojua mahali pa kuitafuta. Nchi nyingine hazijazi kabisa.

Basi maombi yangu ni haya. Kila mnapotaja akiba hadharani, tajeni katika sentensi hiyo hiyo ahadi za mbele na amana za benki za biashara zilizohesabiwa ndani yake, kwa sababu amana hizo nazo wenyewe wanaweza kuzidai. Tangazeni kila mwezi, hata kwa kuchelewa wiki kadhaa, kiasi mlichouza na kiasi mlichonunua, kila kimoja peke yake, ili tuone kama mnatuliza soko au mnagharamia bei. Na kabla ya kuanza kuilinda sarafu, Gavana na Waziri waandike kwa siri, kama inalazimu, kiwango cha akiba halisi ambacho kikifikiwa uuzaji utasimama, na hatua ya riba au ya bajeti itakayochukuliwa siku hiyo. Waraka huo ufunguliwe na kamati ya bunge inayohusika mwaka mmoja baadaye, na pembeni yake pawekwe orodha ya mikataba yote ya mbele iliyofungwa katika kipindi hicho, ikionyesha tarehe, kiasi, bei na hasara au faida yake.

Kwa heshima,

Aliyewahi kununua na kuuza fedha za kigeni katika benki ya biashara